Dakika 45 za Pwani Haziivishi Maharagwe ya Nanyuki

Simu ilinijia Jumapili mchana kutoka Nanyuki. Alikuwa shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita tata, na siku hiyo hakuanza na salamu. "Umesema dakika arobaini na tano," alinikaripia. "Nimefuata saa yako. Wageni wameketi, viazi vimekuwa uji, na maharagwe bado ni kokoto." Video aliyokuwa akiifuata ilikuwa yetu, na skripti yake niliiandika mimi. Muda wa maharagwe nilikuwa nimeunakili kutoka daftari la binamu yangu anayepikia Mombasa, nikaubandika kwenye skrini kwa herufi kubwa bila kuupima upya huku mlimani.

Kosa langu lilikuwa la kitoto kwa mtu aliyezaliwa Nyeri. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa hukandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, nayo maji huanza kuchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, Nyeri kwa takriban 94, Nanyuki pungufu kidogo ya hapo. Nyuzi sita si nyingi kwa mtu anayechemsha chai, lakini haragwe huhisi tofauti hiyo kwa nusu saa na zaidi. Kuongeza moto hakusaidii. Maji yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, ila joto lake litabaki lilelile.

Tangu siku ile siandiki muda peke yake katika skripti ya mapishi. Kila muda unaoonekana kwenye skrini huandamana na alama ambayo mpishi ataiona au kuigusa, na kazi ya picha ya karibu ni kuonyesha alama hiyo. Wewe unayeandaa video ya mapishi Nyeri, Karatina, Naro Moru au Nanyuki, ningependa tuipitie kazi yenyewe kwa chakula kile kile kilichoniumbua, mukimo, kwa sababu ndani yake mna vitu vinne vinavyoiva kwa muda tofauti na lazima vikutane vikiwa tayari pamoja.

Anza na vipimo, na hapo utakutana na kizingiti cha kwanza: anayejua kupika mukimo hapimi. Nilipomwuliza tata anatia chumvi kiasi gani, alinionyesha kiganja. Usimlazimishe mpishi wa namna hiyo kushika vijiko, maana mkono wake utapoteza mwendo na chakula kitaharibika mbele ya kamera. Pima vyombo badala yake. Weka mkebe wa chumvi kwenye mizani kabla hajaanza, uupime tena akimaliza. Tofauti ndiyo kipimo chako. Fanya vivyo hivyo kwa mafuta, maharagwe na viazi. Kisha mwache apike siku mbili tofauti, maana siku moja inaweza kukudanganya. Chumvi ya tata ilitofautiana kwa kijiko kizima kati ya siku ya kwanza na ya pili, na ndiyo sababu kwenye orodha yetu chumvi haina idadi.

Vipimo hivyo uvigeuze kuwa vile ambavyo mtazamaji anavyo. Sokoni Karatina nafaka hupimwa kwa gorogoro, na gorogoro moja ya maharagwe, ambayo ni karibu kilo mbili, itamlisha mtu wiki nzima, kwa hiyo kwenye orodha ya chakula cha siku moja haisaidii. Kikombe kinafaa zaidi, na gramu ziwe pembeni kwa mwenye mizani. Kadi yetu ya sasa inasomeka hivi:

```
MUKIMO – watu 6
USIKU: loweka maharagwe kikombe 1 (g 200)
Mahindi mabichi, vikombe 2 (mahindi 3 hivi)
Viazi Shangi, kilo 1½
Majani ya malenge, fungu 1 (g 300)
Kitunguu 1, mafuta vijiko 3, chumvi
```

Utaona kwamba mpangilio ni ule wa kuingia kwenye sufuria, na neno USIKU liko juu kabisa. Video nyingi huificha habari ya kuloweka katikati ya maneno, mtu akagundua saa tano asubuhi kwamba alipaswa kuanza jana. Kadi ina mistari sita na sijawahi kuruhusu wa saba. Wengi hutazama kwa simu iliyosimama wima, na sehemu ya chini pamoja na ukingo wa kulia hufunikwa na vitufe na maelezo ya programu yenyewe, hivyo maandishi yote yakae sehemu ya kati na ya juu. Kuhusu muda wa kadi kubaki mbele ya macho, mimi huisoma kwa sauti, polepole, mara mbili. Sekunde zinazotoka hapo ndizo ninazoandika kwenye skripti. Kwa kadi hii ni karibu nusu dakika, na mhariri wa video atakulalamikia kwamba ni ndefu. Mwache alalamike.

Majina nayo yana mitego. Mtazamaji wa Tanzania akisikia minji huenda asijue unasema nini, kwake ni njegere. Na mtu wa hapa akiambiwa mbaazi anaweza kununua minji na kurudi nyumbani akiwa na amani. Ukipika mukimo wa minji badala ya maharagwe, andika majina yote mawili na uonyeshe punje zenyewe kwenye kiganja kwa sekunde tatu. Viazi pia vitaje kwa aina. Shangi, ambavyo vimejaa masokoni kwetu, huiva upesi na kupondeka vizuri. Mtu akitia aina nyingine iliyo ngumu zaidi, muda wako wote wa viazi utakuwa umepotoka.

Sasa muda. Kiswahili kina jambo ambalo waandishi wa skripti hulisahau kila mara. Ukiandika "pika saa 2" kwenye skrini, yuko atakayeelewa kwamba chakula kipikwe kwa muda wa saa mbili, na yuko atakayeelewa kwamba kipikwe asubuhi saa mbili. Ukiandika 2:10, mmoja atasoma saa nane na dakika kumi. Dawa ni rahisi: kila kitu kiwe kwa dakika. Mukimo wetu unachukua dakika 130 tangu maharagwe yabandikwe, na ndivyo inavyoandikwa, dakika 130, hata kama inaonekana ndefu. Pembeni mwa skrini, juu kushoto, tunaweka dakika zilizopita jikoni, si za video, kwa sababu video yenyewe ni ya dakika sita na mtu asije akachanganya saa hizo mbili.

Hesabu ya jikoni kwetu Nyeri huenda hivi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huchemka peke yake kwa dakika 50. Ndipo huingia mahindi, yale yaliyokomaa ila hayajakauka, na vyote huendelea kwa dakika 40. Kufikia dakika ya 90 maharagwe yanapaswa kuwa yameiva, na hapo tu ndipo viazi vilivyokatwa vipande vinne huwekwa juu, maji yavifunike kwa shida, kwa dakika 25. Zinazobaki ni za kumwaga maji, kukausha na kuponda. Mwenye sufuria ya presha atafupisha sehemu ya maharagwe sana, kwa hiyo mpe kadi yake mwenyewe, usimwache akisie.

Dakika ya 90 ndiyo mlango wa mukimo wote. Viazi vikishaingia, saa haisimami tena: dakika 25 baadaye vitakuwa tayari, uwe umejipanga au hujajipanga, na vikisubiri maharagwe vitayeyuka ndani ya maji. Hicho ndicho kilichompata tata. Hakuna kadi inayoweza kujua kama maharagwe ya mtazamaji ni ya mavuno ya juzi au yamekaa ghalani mwaka mzima, na yaliyokaa hukataa kuiva hata ukiyabembeleza. Kwa hiyo hapo skripti yangu imeandikwa kama mlango, kwa safu tatu, hivi:

Picha: Karibu kabisa. Haragwe 1 kati ya kidole gumba na cha shahada. Linabonyezwa, ganda linateleza, ndani ni laini mpaka katikati. Sekunde 6, bila kuharakishwa.

Sauti: "Chukua maharagwe matano, kila moja kutoka upande wake wa sufuria. Yote yakibonyea hivi, tia viazi. Moja likikataa, ongeza maji ya moto, ngoja dakika kumi na tano, ujaribu tena."

Maandishi: Dakika 90 hivi. YOTE 5 YABONYEE KABLA YA VIAZI.

Neno "hivi" nililiongeza baada ya ile simu ya Jumapili.

Picha hiyo ina ujanja wake. Haragwe lililoiva likionyeshwa peke yake halimfundishi mtu kitu, maana hajui lisiloiva linafananaje likibonyezwa. Kwa hiyo dakika ya 50, kabla mahindi hayajaingia, tunachota maharagwe kumi na kuyaweka kwenye bakuli lenye maji. Wakati wa kupiga picha ya karibu, tunabonyeza kwanza moja la bakuli: linapasuka vipande viwili, na katikati pana kiini cheupe kikavu. Kisha tunabonyeza lililotoka sufuriani. Mtazamaji ameona yote mawili ndani ya sekunde kumi na mbili na hatauliza tena. Lakini bakuli hilo lisipoandikwa kwenye skripti, kwenye mstari wa dakika ya 50, hakuna atakayelikumbuka siku ya kurekodi. Tumewahi kusahau, tukalazimika kubandika sufuria nyingine kwa ajili ya maharagwe kumi.

Majani ya malenge yanahitaji picha ndefu kuliko unavyodhani. Jani likiliwa bila kumenywa huacha nyuzi kinywani na vijimiba vinavyokwaruza ulimi, na mtu akilila hivyo mara moja atasema hapendi malenge maisha yake yote. Unavunja ncha ya kikonyo, usiikate kabisa, kisha unavuta kuelekea kwenye jani. Nyuzi zinachunika kama utepe na kuendelea na mishipa ya nyuma ya jani. Piga jani moja zima, kuanzia kuvunja hadi uzi wa mwisho, bila kukata wala kuharakisha. Kamera ikae juu ya bega la mpishi, siyo mbele yake, ili mikono inayoonekana ikae kama mikono ya mtazamaji mwenyewe. Ukipiga kutoka mbele, kulia kunakuwa kushoto na mtu anaanza kugeuza simu yake.

Majani hayo tunayachemsha pembeni kwa dakika 5 hadi 7, sufuria ikiwa wazi, ingawa bibi zetu wengi huyatupa tu juu ya viazi. Kwa njia zote mbili watu watakula vizuri, lakini mbele ya kamera kuna tofauti. Ukifunika, asidi inayotoka kwenye majani hurudi na mvuke na kuyageuza rangi ya kaki. Yakichemka wazi na kuchujwa upesi hubaki ya kijani, na yakisagwa au kukatwakatwa sana ndiyo yanayoupa mukimo rangi. Msimu wa thabai, ule mmea unaowasha, njia ni hiyohiyo ila kwa koleo au glavu mpaka maji ya moto yaue muwasho. Picha ya karibu hapo iwe ya mkono wenye glavu, ili asije mtu akaiga kwa mkono mtupu.

Viazi vikiiva, kisu kinaingia bila kusukumwa na kingo za vipande zinaanza kuwa na unga. Hapo maji yamwagwe, na hapo ndipo video nyingi huruka, eti kumwaga maji si upishi. Ni upishi. Tunaonyesha kikombe kikiwekwa chini ya sufuria na maji ya kwanza yakiingia ndani yake, yahifadhiwe. Kisha sufuria inarudi jikoni kwa dakika moja au mbili bila kifuniko, moto mdogo, ikitikiswa, hadi mvuke upungue na chini paanze kusikika mlio wa kukauka. Zima muziki kwenye sehemu hiyo. Mlio ule ni alama sawa na ile ya vidole, na mimi huandika kwenye safu ya sauti: "Kimya. Mlio wa sufuria, sekunde 4."

Mvuke wenyewe utakusumbua. Asubuhi za Julai Nyeri ni baridi na mawingu tele. Simu iliyotoka mkobani ikikutana na sufuria inayofoka, kioo cha kamera kinaingia ukungu papo hapo na hutaona ila weupe. Iache simu jikoni robo saa ipate joto, piga kutoka upande ambao mvuke hauelekei, na uwe na kitambaa kikavu mfukoni. Mwanga nao utoke dirishani, ubavuni mwa chungu. Taa ya darini hulaza kila kitu, na mukimo ukipigwa chini yake huonekana kama saruji ya kijani, hata ukiwa mtamu namna gani.

Kuponda ndiko kugumu kupiga, kwa sababu hutokea mara moja. Jina lenyewe la mukimo limetoka kwenye kitenzi cha Kikuyu cha kuponda, gũkima, na viazi hupondwa vikiwa vya moto, kwa mwiko mzito, ukibonyeza na kugeuza. Mashine ya kusagia ni adui hapa: visu vyake hupasua viazi kupita kiasi, wanga hutoka, na unapata gundi inayovutika. Viazi vilivyopoa pia havipondeki vizuri, hivyo huwezi kumwambia mpishi asimame dakika kumi ili ubadilishe upande wa kamera kisha aendelee. Sisi huchemsha sufuria ndogo ya pili, ya viazi vinne tu, kwa ajili ya picha za karibu, na sufuria kubwa tunaiacha ipondwe mfululizo ikirekodiwa kwa simu iliyowekwa mbali. Kwanza viazi na majani pamoja na kitunguu kilichokaangwa, hadi mabonge yaishe. Mahindi na maharagwe yachanganywe baada ya hapo ili punje zisisagike zote.

Alama ya mwisho ni mfereji. Mpishi anaburuta mwiko katikati ya mukimo hadi chini ya sufuria. Kuta za mfereji zikisimama na pasionekane maji chini, umeiva. Zikianguka polepole na maji yakajikusanya, rudisha moto mdogo ugeuzegeuze. Zikipasuka na kumeguka, ongeza yale maji ya kikombeni, vijiko viwili kwa wakati mmoja. Tunaonyesha mifereji yote mitatu, na miwili mibovu tunaitengeneza makusudi kwenye sufuria ndogo. Tata aliona hiyo ni kupoteza viazi.

Ukishahariri, yape mafungu majina ili mtu arudi pale alipokwama bila kuanza upya. YouTube huyatambua kama orodha katika maelezo inaanzia 0:00, ina mafungu yasiyopungua matatu, na kila fungu lina sekunde 10 au zaidi:

```
0:00 Usiku: loweka maharagwe
0:35 Maharagwe na mahindi
1:50 MLANGO: jaribu maharagwe 5
2:20 Majani ya malenge
3:30 Viazi, kumwaga maji
4:30 Kuponda na mfereji
```

Majaribio ya mwisho ninayoyaamini ni ya jirani. Nilimpa video jirani mmoja hapa Nyeri, mama wa mtoto mchanga, nikamwomba apike bila kuniuliza chochote. Alipika simu ikiwa imezimwa sauti kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Maharagwe yake yalipita mtihani wa vidole dakika ya 105, akangoja bila wasiwasi. Majani aliyamenya vizuri. Lakini alipofika kwenye viazi alimwaga maji yote sinkini, maana agizo la kuhifadhi kikombe kimoja lilikuwa kwenye sauti peke yake, na kikombe katika picha alidhani ni cha chai ya mpishi. Mukimo wake ulitoka mkavu akaulainisha kwa maziwa. Siku iliyofuata niliifungua skripti, nikaongeza sekunde 5 kabla ya kumwaga, na kwenye safu ya maandishi nikaweka: BAKISHA KIKOMBE 1 CHA MAJI HAYA.